Ankara Imetoka na Kosa: Yapi Kweli, Yapi Uongo Kuhusu Barua ya Kusahihisha

Ankara imeshaondoka. Saa 10 jioni umeituma kwa mteja, na kabla hujafunga ofisi jicho linatua kwenye jumla: si yenyewe. Hapo ndipo washauri wanapojitokeza. Mmoja anakwambia tuma nyingine tu, hawatajua. Wa pili anasema mpigie simu, yaishe. Wa tatu anakuandikia aya nzima ya kuomba radhi ambayo mtu akiimaliza bado hajui alipe kiasi gani. Bila shaka ushauri huu umeusikia, na pengine umewahi kuufuata.

Nimekaa miaka mingi upande wa kuandika ankara, na miaka mingine upande wa kuzipokea na kuzilipa. Barua za masahihisho nimezipitia na kuzinyoosha nyingi. Hebu tuyachukue maneno yanayosemwa moja moja, tuyapime kwa mfano mmoja.

Mfano wenyewe ni wa biashara ya kupika chakula cha shughuli mjini Morogoro. Imelisha semina ya siku 3, chakula cha mchana, watu 45, sahani moja Sh 15,000. Hesabu ni nyepesi: watu 45 kwa siku 3 ni sahani 135, yaani Sh 2,025,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni Sh 364,500, jumla inakuwa Sh 2,389,500. Lakini aliyeandika ankara alibonyeza 54 badala ya 45. Sahani zikawa 162, na jumla ikapanda hadi Sh 2,867,400. Mteja ametozwa Sh 477,900 zaidi ya anachodaiwa. Ankara hiyo ni namba 0118, ya tarehe 6 Mei 2025.

"Tuma iliyo sahihi kimya kimya, wenyewe watajua ni ipi."

Si kweli.

Hawatajua, na hawana namna ya kujua. Anayepokea ankara mbili kutoka kwako kwa kazi ileile haoni kosa na sahihisho lake. Anaona madeni mawili. Katika ofisi yenye utaratibu, mhasibu hulinganisha hati tatu kabla ya kulipa: oda ya ununuzi waliyokutumia, hati ya kupokea bidhaa au huduma, na ankara yako. Ya kwanza haikulingana na oda, kwa hiyo ameiweka pembeni na kumwandikia mwenzake wa manunuzi amuulize. Ya pili inafika wakati swali la kwanza halijajibiwa. Sasa zote mbili zinakaa pembeni, na fedha yako inakaa nazo.

Katika ofisi isiyo na utaratibu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu yawezekana zote mbili zikalipwa. Wapo wanaodhani hiyo ni neema. Mkaguzi wa mwisho wa mwaka ataiona, na siku hiyo utaulizwa kwa nini ulikaa na fedha ya watu miezi minane bila kusema.

"Ankara mpya ibebe namba ileile ya zamani, maana kazi ni ileile."

Si kweli, ingawa inavutia.

Anayesema hivi anafikiria ankara kama karatasi ya kuelezea kazi. Kwa mhasibu, ankara ni namba kwanza, kazi baadaye. Programu nyingi za uhasibu hukataa namba ya ankara inayojirudia kutoka kwa muuzaji yuleyule, na hufanya hivyo kwa makusudi, ili deni moja lisilipwe mara mbili. Ukituma 0118 nyingine, ama itakataliwa, ama mhasibu ataiona ni nakala ya ile aliyokwisha kuiingiza, na atalipa kile kiasi cha kwanza. Yaani kosa lako litalipwa lote, na aliyelilipa atakuwa amefuata taratibu zote.

Ipe namba yake mwenyewe, inayofuata kwenye mfululizo wako. Kwenye mfano wetu ni 0121. Kisha ndani ya ankara yenyewe, chini ya namba, andika: "Inachukua nafasi ya ankara namba 0118 ya tarehe 6 Mei 2025." Mstari huo uwe ndani ya hati, usiishie kwenye barua pepe, kwa sababu hati huchapwa na kuwekwa faili na barua pepe hubaki kwenye simu ya mtu. Jina la faili nalo lifuate. Faili linaloitwa "ankara mpya sahihi 2" halimsaidii mtu anayelitafuta baada ya mwezi.

"Barua ianze na radhi, tena radhi iliyoshiba. Ndiyo adabu."

Si kweli. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo barua nyingi zinapoharibikia.

Adabu yetu ya kuamkiana ni nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini fikiria anayeisoma barua hii. Ni mhasibu, leo pengine ndiyo siku ya kupeleka malipo benki, na ankara yako yenye kosa huenda imo kwenye orodha. Anachohitaji kujua kwanza ni kimoja: ile asiilipe. Ukimpitisha kwenye mistari sita ya salamu na majuto, unaweza kumkosa. Tazama rasimu hii, ambayo ni sura ya barua nyingi zilizopita mezani kwangu:

> Ndugu Mhasibu,
>
> Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu ya ujenzi wa taifa. Tunapenda kuchukua fursa hii kuomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza kuhusiana na ankara yetu ya juzi, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa na makosa madogo ya kibinadamu kutokana na wingi wa kazi na kuwa na mfanyakazi mpya. Tafadhali pokea ankara sahihi iliyoambatanishwa na upuuze ile ya awali. Tunakuahidi jambo hili halitajirudia kamwe. Poleni sana.

Mwandishi hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Tuipitie kwa kalamu.

"Ankara yetu ya juzi" na "ile ya awali" haziwezi kubaki. Juzi ni siku gani, kwa mtu aliyepokea ankara 40 wiki hii? Weka namba na tarehe. Barua nzima haina hata tarakimu moja ya fedha, ilhali shida yote ni ya fedha.

"Usumbufu wowote uliojitokeza" inasikika kama unyenyekevu, lakini isome tena. "Wowote" inasema huenda haukuwepo. "Uliojitokeza" inasema ulikuja wenyewe, kama mvua. Usumbufu upo, unaujua, na wewe ndiye uliyeuleta: mtu amelazimika kupitia hati yako mara mbili. Utaje huo.

"Makosa madogo" ifutwe. Sh 477,900 ni ndogo kwa nani? Ukubwa wa kosa hupimwa na aliyetozwa.

"Kwa bahati mbaya" nayo iende, kwani kubonyeza 54 mahali pa 45 si suala la bahati. "Mfanyakazi mpya" iende haraka zaidi. Mteja hakuajiri mtu wako na hana la kumfanyia. Kumtaja ni kumsukumia mzigo kijana ambaye hana nafasi ya kujibu, na anayesoma huona hivyo. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, na kwenye barua ya namna hii wako sahihi kabisa: kosa likionekana, jishushe mwenyewe, usinyooshe kidole.

"Halitajirudia kamwe" ni ahadi ambayo hakuna anayeandika tarakimu kila siku anaweza kuitimiza. Kama kuna ulichobadilisha, kitaje. Kama hakuna, mstari huo ufe.

Sasa barua ileile baada ya kunyooshwa:

> Yah: Ankara 0118 isilipwe, tafadhali lipa ankara 0121, Sh 2,389,500
>
> Ndugu Mhasibu,
>
> Tulikosea kwenye ankara namba 0118 ya tarehe 6 Mei 2025. Tafadhali usiilipe. Nafasi yake imechukuliwa na ankara namba 0121 ya tarehe 8 Mei 2025, iliyoambatanishwa, yenye jumla ya Sh 2,389,500 pamoja na VAT.
>
> Tuliandika watu 54 badala ya 45 waliohudumiwa. Jumla imepungua kwa Sh 477,900. Bei ya sahani, siku za huduma na akaunti yetu ya benki havijabadilika. Siku 30 za kulipa zihesabiwe kuanzia tarehe ya ankara mpya.
>
> Tunakuomba radhi kwa kukupa kazi ya kupitia hati hii mara mbili. Kama 0118 imeshalipwa, nijulishe: tutarudisha tofauti au tutaipunguza kwenye ankara ijayo, upendavyo.
>
> Hati ya kupunguza deni kwa ankara 0118 nayo imeambatanishwa.

Radhi haikuondoka. Imehamia pale inapoaminika, yaani baada ya mtu kujua nini kilitokea na kwamba umeshakishughulikia. Ni sentensi moja, na inataja jambo halisi unaloliombea radhi. Mstari wa "Yah" peke yake unamtosha mhasibu mwenye haraka. Hata asipofungua barua, ameshajua ipi isilipwe, ipi ilipwe na kwa kiasi gani. Kama mteja wako ni mtu mnayejuliana hali, salamu ya "habari za tangu juzi" haiharibu kitu. Ila iwe mstari mmoja, na mstari wa "Yah" ubaki vilevile.

"Pole, samahani na radhi ni mamoja."

Si kweli.

Lugha yetu imezitenganisha kwa makini. "Pole" humwambia mtu aliyefikwa na jambo, hata kama huhusiki nalo kabisa: aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyetoka safari. Ukimtoza mtu zaidi kisha ukamwambia "poleni sana", umejiweka pembeni kama jirani aliyekuja kutazama. "Samahani" inakubali kosa na inatosha kwenye simu au ujumbe mfupi. "Tunaomba radhi" ndiyo ya hati rasmi, kwa sababu ina anayeomba na anayeombwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kiangalie kitenzi. "Kosa lilijitokeza", "kulitokea hitilafu" na "ilionekana kuna tofauti" ni sentensi zisizo na mtu ndani yake. "Tulikosea" ni neno moja na lina mwenyewe. Nikinyoosha barua, hilo ndilo badiliko la kwanza ninalolifanya.

"Eleza kwa kina kosa lilivyotokea, ndipo watakuamini."

Nusu kweli.

Maelezo yanahitajika, maana ankara inayobadilika bila sababu inatia shaka. Ila kina chake kiishie pale ambapo mhasibu anaweza kuhakiki. "Tuliandika watu 54 badala ya 45" anaihakiki kwa sekunde chache: anafungua orodha ya mahudhurio ya semina, anaona saini 45, anaridhika. Kwamba umeme ulikatika, kompyuta iliganda na ankara ikaandikwa kwenye simu, hayo hawezi kuyahakiki na hayamsaidii.

Kipimo changu ni hiki: maelezo yanapaswa kutaja tarakimu iliyokosewa, tarakimu iliyo sahihi, na mahali ilipo kwenye ankara. Ukitaja hizo tatu, acha.

"Maadam unaisahihisha, rekebisha na mengine hapohapo."

Si kweli. Hili ni kosa la mtu makini, ndiyo maana linaponza wengi.

Unaifungua ankara kurekebisha idadi, unaona anuani ni ya zamani, unaibadilisha. Unakumbuka mmefungua akaunti mpya benki nyingine, unaiweka. Maelezo ya huduma yalikuwa yamefupishwa, unayapanua. Umefanya usafi mzuri, na ankara haitalipwa.

Sababu ni kwamba moja ya njia zinazotumiwa sana na matapeli wa malipo ni hii hasa: barua inayojifanya imetoka kwa muuzaji anayejulikana, ikisema ankara ya awali ilikuwa na kosa, lipa hii, na akaunti ya benki imebadilika. Mhasibu aliyefundwa vizuri akiona ankara iliyobadilishwa pamoja na akaunti mpya, anasimamisha malipo na kuanza kuhakiki. Anafanya sawa. Wewe ndiye uliyeandika barua inayofanana na ya tapeli.

Kwa hiyo ankara ya pili itofautiane na ya kwanza kwenye kile kilichokosewa na vinavyofuatana nacho tu: idadi, thamani, kodi, jumla, namba na tarehe. Mengine yote yabaki, na barua iseme wazi kwamba yamebaki. Ndiyo maana kwenye barua yetu kuna maneno "na akaunti yetu ya benki havijabadilika" ndani ya sentensi inayoonekana ya kawaida tu. Hiyo ndiyo sentensi inayomtuliza mhasibu kuliko zote. Kama kweli mmehama benki, taarifa hiyo iwe na barua yake, siku yake, na simu yake ya kuithibitisha.

"Ukishaandika 'ankara imefutwa', imefutwa."

Si kweli.

Barua humwambia mtu; haibadilishi daftari. Ankara 0118 imeshaingia kwenye vitabu vyako kama mauzo ya Sh 2,430,000 na VAT ya Sh 437,400 unayodaiwa na serikali. Ukiongeza 0121 bila kuiondoa ya kwanza, vitabu vyako vinasema umeuza semina mbili, na kodi utadaiwa ya semina mbili. Wala usiifute kwa kuinyofoa kwenye mfululizo, maana namba iliyotoweka kati ya 0117 na 0119 ndiyo kitu cha kwanza mkaguzi anachokiulizia.

Kinachoiondoa ni hati ya kupunguza deni, ambayo wahasibu wengi huiita kredit noti. Hati hiyo inataja namba ya ankara inayoigusa, inarudisha thamani yote pamoja na VAT yake, na inaeleza sababu kwa mstari mmoja. Baada yake, 0118 inabaki kwenye vitabu ikionekana, lakini salio lake ni sifuri. Nakala huenda kwa mteja, kwa sababu naye ameshaiingiza upande wake.

Kwa Tanzania kuna jambo la ziada. Kama ulishatoa risiti ya EFD, kumbukumbu ya mashine haifutiki, na imejengwa hivyo kwa makusudi. Usijaribu kuizima wala kutoa risiti nyingine juu juu ukitumaini zitajisawazisha. Weka risiti yenye kosa, kredit noti na barua pamoja, na jambo lenyewe lifikishe TRA kwa utaratibu wao kabla ya ritani ya VAT ya mwezi huo. Kwa Kenya, ankara iliyopitia mfumo wa eTIMS husahihishwa kwa kredit noti inayofungwa na ankara ya awali ndani ya mfumo wenyewe, kisha ankara mpya inatolewa. Katika nchi zote mbili barua yako ya radhi ni ya mteja. Mamlaka ya kodi inasoma hati.

Na hapa niziguse zile herufi E&OE zilizo chini ya ankara nyingi, zikimaanisha kwamba muuzaji anajihifadhia haki ya kusahihisha makosa na yaliyosahaulika. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa zimechapwa, hakuna haja ya kuandika chochote. Kinachohifadhiwa pale ni haki ya kusahihisha, na kusahihisha kwenyewe bado hujafanya.

"Simu moja inatosha."

Nusu kweli, na nusu iliyo kweli ina thamani kubwa.

Piga simu, tena kabla ya kuandika, hasa kama muda wa malipo umekaribia. "Shikamoo mama, ni sisi wa chakula cha semina. Naomba ankara yetu namba 0118 isilipwe, tumekosea hesabu, iliyo sahihi inakuja sasa hivi kwa barua pepe." Dakika moja, na fedha haijatoka. Kutoa malipo kwenye orodha ya benki kabla hayajatumwa ni kazi nyepesi. Kuyarudisha yakishatumwa ni barua, idhini na siku kadhaa.

Lakini simu haiwekwi kwenye faili. Mama uliyezungumza naye akienda likizo, anayeshika nafasi yake atakuta 0118 na 0121 bila maelezo, na mkaguzi hatapokea "tuliambiwa kwa simu". Kwa hiyo simu itangulie, barua ifuate siku hiyohiyo.

Wengine huamini pia kwamba barua pepe inaweza kuvutwa irudi kabla haijasomwa. Si kweli kwa hali yako. Huduma ya Outlook ya kurudisha barua imejengwa kwa watu walio ndani ya taasisi moja. Ikienda kwa mteja wa nje, kwa kawaida barua inabaki kwake, na anaweza kupokea taarifa ya pili kwamba ulijaribu kuirudisha. Ile ya Gmail ni kuchelewesha tu kutuma kwa sekunde chache, isiyozidi 30.

"Kosa likiwa la kutoza pungufu, ni fedha yako, huna haja ya radhi."

Si kweli, na barua hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza.

Geuza mfano: watu walikuwa 54, wewe ukaandika 45. Sasa unarudi kwa mteja kumwomba Sh 477,900 zaidi. Ni haki yako, hakuna ubishi. Lakini yeye ameshaipangia bajeti kiasi kidogo, huenda ameshapata saini za kuidhinisha, na itabidi azitafute upya kwa kosa lisilo lake. Radhi inamhusu kweli.

Kinachobadilika kwenye barua ni uzito wa ushahidi. Mtu akiambiwa alipe pungufu haombi uthibitisho. Akiambiwa aongeze, anauhitaji, na bosi wake atauhitaji zaidi. Ambatanisha orodha ya mahudhurio ya siku zote 3 au hati ya kupokea huduma waliyoisaini wao wenyewe. Kama ankara ya kwanza imeshalipwa, njia safi mara nyingi ni kuiacha ilivyo na kutoa ankara ya nyongeza ya tofauti tu, ikitaja ile ya kwanza. Na kama wewe mwenyewe uliwaandikia bei ya jumla wakaikubali kabla ya kazi, usiiite kosa la ankara. Hayo ni mazungumzo ya bei, na barua ya masahihisho haiwezi kuyabeba.

"Kosa si kosa, kosa kurudia kosa."

Kweli, na hakuna mahali msemo huu umekaa sawasawa kama hapa.

Ankara ya kwanza yenye kosa huvumilika. Kila mhasibu amewahi kuiona. Sahihisho lenye kosa ndilo linalomfanya mteja aanze kukagua ankara zako zote za nyuma. Na kosa la pili lina mahali pake pa kujificha. Mtu hurekebisha idadi ya watu, akasahau kwamba VAT iliandikwa kwa mkono na haikujihesabu upya. Au ankara inasema Sh 2,389,500 kwa tarakimu, huku maneno chini yake bado yakisema milioni mbili laki nane na sitini na saba elfu na mia nne. Au barua inataja jumla moja na kiambatisho kina nyingine, kwa sababu lililoambatanishwa ni faili la zamani.

Kuna hila ya zamani ya wahasibu kwa makosa ya namna ya 54 na 45. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 bila baki. Chukua thamani iliyo kwenye ankara kabla ya kodi, Sh 2,430,000, toa ile iliyo kwenye oda, Sh 2,025,000. Inabaki 405,000. Jumlisha tarakimu zake: 4 na 5 ni 9. Ukiona hivyo, anza kutafuta tarakimu zilizogeuzwa kabla ya kutafuta kingine. Haithibitishi, maana tofauti nyingine nyingi nazo hugawanyika kwa 9, lakini kama haigawanyiki, unajua papo hapo kwamba tatizo si kugeuza tarakimu peke yake.

Kisha, kabla ya kutuma, mpe mwenzako ankara iliyochapwa nawe ushike barua. Mwambie asome kwa sauti kutoka kwenye karatasi yake: namba, tarehe, idadi, bei, thamani, VAT, jumla kwa tarakimu, jumla kwa maneno, akaunti ya benki. Wewe fuata kwa kidole kwenye barua na kwenye oda ya mteja. Mwisho fungua kiambatisho kutoka kwenye barua pepe yenyewe, siyo kutoka kwenye kabrasha la kompyuta, na muisome tena jumla kutoka pale.